Neno Lipo, Kompyuta Hailioni

Tuseme kuna kijitabu cha wageni kinachoandaliwa Nairobi kwa lugha mbili, Kiswahili na Gĩkũyũ. Maandishi yake yote yamewekwa katika faili moja ya maandishi matupu, `kijitabu.txt`. Kazi iliyobaki kwa mhariri ni ndogo: kila panapotajwa Mũrang'a, jina hilo lizungushiwe alama za kukoleza ili mchapaji alitoe kwa herufi nzito. Mhariri anaandika neno analolitafuta, anaandika la kuweka mahali pake, anabonyeza. Kompyuta inajibu kwamba imebadilisha mahali 5.

Anateremsha ukurasa na kukutana na Mũrang'a ambayo haikuguswa. Mbele kidogo anakuta nyingine, na nyingine tena. Akizihesabu kwa kidole kwenye skrini, zinafika 12. Anarudia kutafuta, safari hii akiandika neno polepole, herufi moja moja. Jibu ni lilelile.

Tahajia haina kosa, wala programu haijaharibika. Hizo 7 zilizorukwa zimeandikwa kwa namba tofauti na zile 5 zilizopatikana, ingawa machoni pa msomaji ni neno moja.

Kompyuta haihifadhi maumbo ya herufi. Huhifadhi namba, na fonti ndiyo huzichora namba hizo ziwe herufi. Daftari kuu la namba linalotumika leo karibu kila mahali huitwa Unicode, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991. Humo M kubwa ni U+004D na a ndogo ni U+0061, na hadi hapo hakuna ubishi. Ubishi huanza kwenye ũ. Daftari hilo linaruhusu ũ iandikwe kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutumia namba moja, U+0169, ambayo ni ũ nzima iliyokwisha kuungwa. Ya pili ni kutumia namba mbili: u ya kawaida, U+0075, kisha U+0303, ambayo ni kiwimbi peke yake kisicho na herufi. Kazi ya kiwimbi hicho ni kudandia herufi yoyote iliyokitangulia, na fonti ikikutana na viwili hivyo huchora ũ ileile.

Kwa hiyo Mũrang'a inaweza kuwa na namba 8 au namba 9. Programu kama `grep` na `sed`, na hata agizo la kawaida la kubadilisha maneno katika Python, hulinganisha namba kwa namba. Zikianza, M inakubaliana na M. Hatua ya pili, neno linalotafutwa lina 0169 na faili ina 0075. Programu inaliacha neno hapohapo na kusonga mbele, nayo kwa upande wake haijakosea chochote.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba si programu zote hufanya hivyo. Kanuni za Unicode zenyewe zinatamka kwamba maandiko hayo mawili ni sawa na yanapaswa kuchukuliwa kuwa kitu kimoja, na vipo vivinjari vinavyofuata kanuni hiyo mtu anapotafuta neno ndani ya ukurasa. Mhariri wetu akifungua faili yake kwenye kivinjari cha aina hiyo, ataambiwa Mũrang'a zipo zaidi ya 5. Akirudi kwenye programu yake ya kuhariri, ataambiwa 5. Ni rahisi sana hapo kudhani kwamba faili imeharibika, au kwamba kuna nafasi iliyojificha ndani ya neno, na kupoteza siku nzima kuitafuta.

Njia hizi mbili hazikuletwa na uzembe. Kabla ya Unicode, kila kundi la lugha lilikuwa na orodha yake fupi ya herufi. Orodha ya ISO 8859-1 ya mwaka 1987, kwa mfano, ilibeba é ya Kifaransa. ISO 8859-4 ya mwaka 1988, iliyotungwa kwa ajili ya lugha za kaskazini mwa Ulaya, ilikuwa na ĩ na ũ kwa sababu tahajia ya zamani ya Kigrinlandi ilizihitaji. Unicode ilipokuja ilibidi izipokee herufi hizo zikiwa nzima, ili faili ya zamani iweze kugeuzwa kuwa ya Unicode na kurudishwa ilivyokuwa bila kupoteza kitu. Ndiyo maana leo Gĩkũyũ, Kikamba na Kimeru vina ĩ na ũ zilizoungwa tayari, namba moja kwa herufi moja: orodha iliyotengenezwa kwa watu wa barafu ilikuwa nazo.

Lakini dunia ina michanganyiko ya herufi na alama mingi kuliko orodha zote hizo. Kilingala kikiandikwa kikamilifu, pamoja na toni zake, kinahitaji ɛ́ na ɔ́, na hakuna orodha ya zamani iliyokuwa nazo. Hapo ndipo zilipohitajika alama za kudandia, ambazo humwezesha mwandishi wa lugha yoyote kuunda herufi yake bila kuomba ruhusa. Unicode ilizikubali njia zote mbili. Kwa lugha ambayo herufi zake zimo katika makundi yote mawili, matokeo yake ni mlango wenye funguo mbili.

Katika Gĩkũyũ jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu kiwimbi si pambo. Kiswahili kina irabu 5. Gĩkũyũ kina 7, na ni kiwimbi kinachozitenga zile mbili za ziada. ĩ husikika karibu na e ya Kiswahili, na ũ karibu na o. Anayeondoa viwimbi ili kompyuta isimsumbue anaondoa irabu, si vumbi.

Inafaa kujua herufi zilizofumuliwa, yaani zile za namba mbili, huingia katika faili kwa mlango gani. Mlango mmoja mpana ni majina ya faili kwenye kompyuta za Mac. Kuanzia mwaka 1998, mfumo wa kuhifadhi faili uitwao HFS+ ulikuwa ukifumua majina yote: mtu aliandika ũ nzima, mashine ikahifadhi u na kiwimbi chake. Mfumo wa APFS ulioufuata mwaka 2017 huliacha jina kama lilivyoandikwa, lakini majina yaliyokwisha kufumuliwa bado yanazunguka katika orodha, akiba na diski za watu. Mlango mwingine ni kibodi: zipo zinazotoa herufi nzima, na zipo zinazotoa herufi kisha alama. Wa tatu ni kunakili maandishi kutoka kwenye faili za PDF, ambako alama mara nyingi hutoka mbali na herufi yake.

Kwa kijitabu chetu, tuseme mambo yako hivi. Sehemu ya Gĩkũyũ, yenye Mũrang'a 5, iliandikwa kwa kibodi inayotoa herufi nzima. Maelezo ya picha, yenye Mũrang'a 4, yalitokana na majina ya faili za picha yaliyonakiliwa kutoka Mac ya zamani. Sehemu ya Kiswahili, yenye 3, ilibandikwa kutoka katika programu ya kuandikia barua na ripoti. Mhariri hajui lolote kati ya haya. Atajuaje?

Kipimo cha haraka kabisa ni kidole. Kishale kikiwekwa mara tu baada ya ũ na kitufe cha kufuta kikabonyezwa mara moja, katika programu nyingi ũ nzima itatoweka yote. Ikiwa imefumuliwa, kitatoweka kiwimbi tu, na u itabaki imesimama. Kipimo cha uhakika zaidi ni kuiomba kompyuta ionyeshe namba badala ya michoro, na Python hufanya hivyo kwa agizo `ascii`. Maneno matatu kutoka sehemu tatu za kijitabu, yakipitishwa humo, hutoka hivi:

```
"M\u0169rang'a"
"Mu\u0303rang'a"
'M\u0169rang\u2019a'
```

Mstari wa kwanza ni ũ nzima. Wa pili ni u ikifuatwa na kiwimbi. Wa tatu una ũ nzima kama wa kwanza, lakini ritifaa yake si ile iliyozoeleka; hiyo tutaifikia.

Dawa ya tofauti kati ya mstari wa kwanza na wa pili imo ndani ya Unicode yenyewe, na imeelezwa katika waraka wake uitwao UAX #15. Ni kusawazisha: kuyapitisha maandishi yote katika kanuni moja ili kila herufi ibaki na umbo moja tu. Kanuni ya kuunga huitwa NFC, nayo hugeuza u na kiwimbi chake kuwa ũ nzima. Kanuni ya kufumua huitwa NFD, nayo hufanya kinyume. Kwa faili itakayohifadhiwa au kuchapishwa, NFC ndiyo ya kuchagua. Ndiyo inayopendekezwa kwa maandishi ya mtandaoni, na ndiyo inayofanana na kile ambacho kibodi nyingi hutoa.

Sharti ambalo husahaulika ni kwamba husawazishwi upande mmoja tu. Mhariri akisawazisha faili kisha akabandika neno la kutafuta kutoka katika orodha ya picha zake za Mac, amerudi alikotoka, na safari hii hata zile 5 za mwanzo hatazipata. Neno linalotafutwa, neno la kuweka mahali pake, na faili yenyewe, vyote vitatu vinapaswa kupita katika kanuni ileile. Akifanya hivyo, hesabu inapanda kutoka 5 hadi 9. Zile 4 za maelezo ya picha zimeonekana.

Zimebaki 3, na hizi NFC haiziponyi hata ikipitishwa mara 100.

Kiswahili hakina viwimbi wala alama za juu, na kwa sababu hiyo wengi wanaoandika Kiswahili huamini kwamba shida hii ni ya wenzao. Lakini Kiswahili kina ritifaa. Bila ritifaa hakuna ng'ombe, hakuna ng'ambo wala king'ora. Alama hiyo ndogo inaandikwa kwa namba zisizopungua tatu. Ipo ile iliyonyooka ya kwenye kibodi, U+0027. Ipo iliyopinda, U+2019, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe pale mtu anapobonyeza iliyonyooka, zikidhani anafunga mtajo. Na ipo U+02BC, ambayo Unicode iliitenga kwa ajili ya ritifaa iliyo sehemu ya herufi, kama ilivyo hasa katika ng' yetu, ingawa ni nadra kuikuta katika maandishi ya kawaida kwa kuwa kibodi za kila siku hazina.

Mbele ya Unicode, hizi ni alama tatu tofauti kabisa, zenye kazi tofauti. Hazihesabiwi kuwa sura mbili za kitu kimoja kama zilivyo ũ mbili, na kwa hiyo usawazishaji unazipita bila kuzigusa. Mtu anayetafuta ng'ombe kwa ritifaa iliyonyooka katika kitabu kilichojaa ritifaa zilizopinda ataambiwa kitabu hakina ng'ombe hata mmoja. Ukiunganisha matatizo yote mawili, Mũrang'a ina sura 6: namna mbili za ũ mara namna tatu za ritifaa. Jina la mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o limebeba mtego huohuo, viwimbi katika neno la kwanza na ritifaa katika la mwisho.

Ritifaa basi husawazishwa kwa mkono, kwa kanuni anayoitunga mhariri mwenyewe. Hatari ya kazi hii ni kunyoosha kila alama iliyopinda katika faili nzima, kwa sababu U+2019 ndiyo pia hufunga mtajo wa alama moja. Kinachomwokoa mhariri hapa ni umbo la lugha: ritifaa ya Kiswahili na ya Gĩkũyũ hukaa baada ya ng na kabla ya herufi nyingine. Kanuni ikiwekewa masharti hayo mawili, haitagusa alama za mtajo, hata pale mtajo unapoishia na jina la kigeni kama Hong Kong, kwani baada yake huja nafasi au nukta, si herufi. Kwa Python, kazi yote ni mistari michache:

```python
import re, unicodedata

def safisha(t):
    t = unicodedata.normalize("NFC", t)
    return re.sub("(?<=[Nn][Gg])[\u2018\u2019\u02bc](?=\\w)", "'", t)

faili = safisha(open("kijitabu.txt", encoding="utf-8").read())
neno = safisha("Mũrang'a")
print(faili.count(neno))
```

Mstari wa mwisho haubadilishi kitu, unahesabu tu. Sasa unatoa 12, sawa na kidole cha mhariri, na ndipo pa kubadilisha. Kuhesabu kwanza ni tabia inayostahili kushikwa, maana agizo la kubadilisha likikosa maneno 7 halipigi kelele. Linatoa namba, na namba hiyo haina maana kwa mtu asiyejua ilipaswa kuwa ngapi.

Kuna kosa la upande wa pili, na ni baya zaidi kwa kuwa linaacha alama ndani ya maandishi. Wanjiku ni jina ambalo Wakenya wamelifanya kielelezo cha mwananchi wa kawaida, hasa katika mijadala ya katiba. Katika tahajia ya Gĩkũyũ ni Wanjikũ, na kiwimbi chake kiko kwenye herufi ya mwisho. Chukua mhariri anayetaka Wanjiku, lisilo na kiwimbi, ligeuzwe kuwa mwananchi katika insha ya Kiswahili, huku Wanjikũ lenye kiwimbi libaki kwa kuwa ni jina la mtu halisi. Ikiwa ũ ni nzima, hakuna tatizo: Wanjiku na Wanjikũ hutofautiana kwenye herufi ya 7. Lakini ikiwa ũ imefumuliwa, herufi 7 za mwanzo za Wanjikũ ni W-a-n-j-i-k-u kamili, na kiwimbi ni kitu cha 8 kinachofuata. Kompyuta inaziona hizo 7, inazing'oa, inaweka mwananchi. Kiwimbi kilichoachwa bila mwenyewe kinadandia herufi iliyo mbele yake, ambayo sasa ni i. Mtu halisi amepotea, na mahali pake pamesimama mwananchĩ, neno lisilokuwa la Kiswahili wala la Gĩkũyũ.

Huu ni ushahidi wa kutafuta. Alama ya juu ikionekana mwishoni mwa neno la Kiswahili, mahali ambapo haikupaswa kuwa, karibu daima ni mabaki ya neno jingine lililong'olewa.

Mfano huo unaonyesha kwa nini utaratibu ni kusawazisha kwanza na kubadilisha baadaye, wala si kinyume chake. Mwananchĩ ikiishatokea, kisha faili ikapitishwa katika NFC, i na kiwimbi chake zitaungwa na kuwa ĩ nzima iliyo halali. Kosa litakuwa limefukiwa. Faili iliyosawazishwa kabla ya kuguswa, kwa upande mwingine, inatoa kipimo kizuri. Katika maandishi ya Kiswahili na Gĩkũyũ pekee, baada ya NFC hapapaswi kubaki hata U+0303 moja, kwa kuwa kila kiwimbi kimeungwa na i au u yake. Ikibaki, kuna mahali kiwimbi kimedandia nafasi, au herufi isiyostahili, au viwimbi viwili vimepandana, na mahali hapo panahitaji jicho la mtu.

Wengi hujaribu kujikinga na kosa la Wanjikũ kwa kuiambia kompyuta itafute neno zima tu, si kipande cha neno. Katika ruwaza za Python hilo hufanywa kwa `\b`, yaani mpaka wa neno. Kinga hiyo haifanyi kazi hapa, na sababu yake ni ya kiufundi lakini inaeleweka. Kwa moduli `re` ya Python, mpaka wa neno ni pale herufi inapokutana na kitu kisicho herufi, na alama ya kudandia haihesabiwi kuwa herufi. Hivyo ndani ya Wanjikũ iliyofumuliwa, mpaka unaonekana kati ya u na kiwimbi, na `\bWanjiku\b` inakubali. Kinyume chake pia hutokea. Neno Gĩkũyũ lililofumuliwa huishia na kiwimbi, na baada yake kuna nafasi. Vyote viwili si herufi, mpaka hakuna, na `\bGĩkũyũ\b` inarudi mikono mitupu hata kama neno linalotafutwa nalo limefumuliwa vilevile. Chanzo kimoja kinaleta makosa mawili yanayopingana, na NFC inayaondoa yote mawili.

Inayaondoa katika Gĩkũyũ. Mhariri wa Kinshasa hana bahati hiyo. Mbɔ́tɛ, salamu ya Kilingala, ina herufi 5 kwa msomaji, lakini ɔ́ haina namba yake moja, na hata baada ya NFC neno hilo lina namba 6. Ruwaza ya `\w+`, inayotumiwa kuhesabu maneno, italikata vipande viwili, mbɔ upande mmoja na tɛ upande mwingine, na kuripoti maneno mawili. Haitarajiwi kwamba Unicode itaongeza ɔ́ iliyoungwa: tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imejifunga kwamba maandishi yaliyosawazishwa leo yatabaki yamesawazishwa kesho, na herufi mpya za namna hiyo zingevuruga ahadi hiyo. Kwa Kilingala basi ruwaza ndiyo hubadilishwa. Panapoandikwa `\w+`, huandikwa `[\w\u0300-\u036f]+`, ili alama za kudandia zihesabiwe pamoja na herufi zake.

Usawazishaji unawafaa pia wanaochapa tenzi na nyaraka za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Herufi ikiwa na shada na fataha kwa pamoja, mchapaji mmoja huanza na shada na mwingine huanza na fataha. Machoni ni kitu kimoja, katika namba ni mifuatano miwili. NFC huzipanga alama hizo kwa utaratibu mmoja, fataha kabla ya shada, na neno lililokuwa halipatikani katika nusu ya hati linaanza kupatikana.

Kuna mambo mawili ambayo hayaponywi. La kwanza ni herufi iliyoandikwa kwa kubahatisha. Asiye na ũ kwenye kibodi yake huweka û, yenye kofia badala ya kiwimbi, na kwa Unicode hiyo ni herufi nyingine kabisa. Hakuna kanuni inayojua kwamba alikusudia ũ. Inabidi mtu aipitie. La pili ni kishawishi cha kutumia NFKC, ndugu ya NFC mwenye mkono mzito, kwa matumaini kwamba atasafisha zaidi. NFKC huunga herufi kama NFC, lakini pia hugeuza alama zinazofanana kwa maana tu. Eneo la soko lililoandikwa 400 m² litakuwa 400 m2. Inafaa kwa nakala ya pembeni ya kutafutia, haifai kwa faili itakayochapishwa.

Kurudi kwa mhariri wetu: Mũrang'a zake 12 sasa zimekolezwa, na faili imehifadhiwa. Siku inayofuata kijitabu kinapandishwa kwenye seva ya Linux ili kisomwe mtandaoni, na picha 4 hazionekani. Maandishi ya kijitabu yanataja picha kwa majina ya faili zake, na majina hayo nayo yalipita katika NFC pamoja na kila kitu kingine. Picha zenyewe hazikupita. Majina yake bado yamefumuliwa kama yalivyotoka kwenye Mac, na Linux, kama `grep`, hulinganisha majina kwa namba tu. Faili inaomba picha yenye ũ nzima, folda ina picha yenye u na kiwimbi. Kwa jina la picha, dawa ni kulisawazisha nalo, na agizo hili hufanya hivyo kwa folda nzima:

```
convmv -f utf-8 -t utf-8 --nfc --notest -r picha/
```

Kabla ya kuweka `--notest`, agizo huonyesha tu majina litakayoyabadilisha bila kugusa kitu. Mhariri akilipitisha hivyo kwanza, atatarajia kuona majina 4. Ritifaa ndani ya majina hayo ni iliyonyooka, kwa hiyo baada ya kuyasawazisha yatafanana na yale yaliyomo katika kijitabu, na picha zitafunguka.